Mama Wamae na Tarehe Tano

Soko la Karatina halihitaji saa ya ukutani maadamu Mama Wamae yu hai. Jina lake la kitambulisho ni Waithira, ila anayemwita hivyo sokoni labda ni daktari au mtu wa kodi. Ameuza viazi na vitunguu zaidi ya miaka ishirini, na katika muda wote huo hajachelewa mahali popote, jambo ambalo atakukumbusha kabla hujamaliza kumsalimu. Kanisani hufika kabla ya mwenye funguo. Mazishini hufika kabla ya marehemu.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kikundi akiongoze, umejitakia. Kikundi chenyewe kilikuwa cha wanawake tisa wa sokoni, na kilikutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi saa kumi jioni, nyuma ya kibanda chake. Ukifika saa kumi na dakika tano, faini ni shilingi hamsini. Ukija na sababu, unaongeza hamsini nyingine, kwa kuwapotezea wenzako wakati na sababu zako. Murugi wa nyanya alitozwa zote mbili siku mwanawe aliposhonwa kidole hospitalini, na alipolalamika aliambiwa kwa upole kwamba kidole kimoja hakihitaji watu wawili kukishona. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na Mama Wamae alikuwa hajawahi kuuona ukigeuzwa.

Sheria ya pili ilikuwa na historia. Mweka hazina wa kwanza alihamia Nanyuki na akiba ya mwaka mzima, bila kuaga, na inasemekana anaendelea vizuri. Tangu hapo Mama Wamae akaamuru kwamba pesa za kikundi hazitoki mpaka siku ya mkutano: zikusanywe, zihesabiwe mbele ya macho ya wote tisa, ziombewe, ndipo zitumwe. Akaenda kumtafuta mweka hazina ambaye hawezi kuhamia Nanyuki, akampata Sumayya.

Sumayya, au Mama Aaliya, anauza viungo vya pilau na leso karibu na lango la soko. Ni mwana wa Majengo, Nyeri mjini, na aliletwa Karatina na ndoa. Hasemi sana. Chenji yake haijawahi kupungua wala kuzidi. Alipoombwa kushika pesa alikubali kwa sharti moja tu.

"Mimi riba siingii, Mama Wamae," alisema. "Hata shilingi moja. Kitu ikiwa na riba, mnitoe kwanza."

"Riba ya nini na sisi ni watu wa Mungu?" Mama Wamae alimjibu, akacheka, na mambo yakawa yameisha.

Basi mwezi wa pili kikundi kikapata wazo la friza. Minji, yaani njegere, ikijaa sokoni bei inaanguka mpaka unaona aibu kuiuza. Ukiiambua na kuigandisha, hoteli zitainunua wakati haipo. Wazo lilikuwa zuri, pesa ndizo zilizokuwa hazipo. Duka moja la vyombo vya umeme kule Nyeri lilikuwa na bango kubwa mlangoni: CHUKUA SASA, LIPA BAADAYE, RIBA SIFURI. Friza ilikuwa elfu sitini. Walitoa elfu kumi na mbili siku ya kuichukua, na elfu arobaini na nane zilizobaki zikagawanywa kwa awamu sita za elfu nane nane, kila tarehe tano, kuanzia Machi hadi Agosti.

Mpango ulitaka kitambulisho kimoja na nambari moja ya simu. Mwenyekiti, ambaye si mtu wa kuacha nafasi ya mbele ikae tupu, akatoa vyake. Ejenti wa duka alimwonyesha mkataba kwenye simu. Mama Wamae aliusoma wote, yaani alisoma bei, akasoma neno sifuri, akabonyeza kukubali. Baadaye aliwaambia wanakikundi kwamba yeye hatii sahihi kitu asichokielewa.

Awamu ya kwanza haikuwa na neno. Mkutano wa Machi uliangukia tarehe nane, pesa zikakusanywa, zikaombewa na Wacera, katibu, ambaye huwa haombi kwa kifupi, na Sumayya akazituma kwa simu mbele yao. Hakuna aliyelalamika. Mama Wamae akahitimisha kwamba tarehe tano ni namna ya kusema tu.

Mwezi wa Aprili Sumayya alikuja kibandani kwake tarehe tatu, peke yake.

"Mama Wamae, mkutano ni tarehe kumi na mbili, na hawa watu wanataka pesa tarehe tano. Wacha nilipe na yangu, halafu kikundi inirudishie siku ya mkutano."

"Mama Aaliya, ati ulipe na yako?" Mama Wamae aliweka kiazi chini ili kulitia suala hili uzito. "Leo unalipa na yako, kesho unajilipa na yetu. Sheria ni sheria. Hao watangoja. Kwani sisi tunahama?"

Wakangoja kweli. Pesa zikalipwa tarehe kumi na mbili, na mwezi wa tano tarehe kumi, na wa sita tarehe kumi na nne, na wa saba tarehe kumi na mbili, kila mara elfu nane kamili, kila mara baada ya sala. Meseji za lile duka ziliingia kwenye simu ya Mama Wamae, zikaketi pale katikati ya meseji za kamari na za watu wanaouza ploti Isiolo, na yeye akazifuta zote kwa kidole kimoja, kwa haki sawa.

Mpaka ile ya Julai. Hiyo aliisoma kwa sababu iliingia akiwa bado ameshika simu. Ilisema malipo yamepokelewa na salio ni shilingi elfu kumi.

Mama Wamae huuza viazi. Hesabu haimpigi chenga. Elfu nane mara tano ni arobaini. Arobaini na nane ukitoa arobaini, inabaki nane. Elfu mbili ziko wapi? Aliirudia hesabu mara tatu na mara zote tatu ikamleta kwenye lango la soko, kwenye meza ya viungo vya pilau. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na lazima isemwe kwamba hakuhuzunika sana. Kuna watu wanaopenda kuwa sahihi kuliko wanavyopenda kuwa na marafiki, na yeye kati ya hao angekuwa mwenyekiti.

Alimwambia Wacera, kwa siri. Wacera akauliza kama Sumayya hakuwaonyesha meseji za kutuma pesa, elfu nane kila mwezi.

"Siku hizi meseji zinatengenezwa," Mama Wamae alisema. "Uliza vijana."

Halafu akamwambia Murugi wa nyanya, kwa siri. Kisha akamwambia Nderitu wa mkokoteni, kwa siri pia, alipokuwa anamshushia magunia, na kumwambia Nderitu kwa siri ni sawa na kubandika tangazo kwenye kila gunia linalotoka lorini. Kufikia Jumatano wateja wa leso walikuwa wanahesabu chenji yao mara mbili mbele ya Sumayya. Yeye aliwatazama wakihesabu. Siku ya Alhamisi hakufungua meza.

Mama Wamae aliliona hilo nalo kuwa ushahidi. Aliitisha mkutano wa dharura Jumamosi, ajenda moja: kumwondoa mweka hazina. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kumhukumu mwenzake bila karatasi, Ijumaa asubuhi alipanda matatu kwenda Nyeri kuchukua stetimenti. Alitaka iliyopigwa muhuri. Alikuwa amekwisha kupanga atasimama wapi akiisoma.

Dukani alikuta msichana anayeitwa Lynn, mwenye kucha ndefu na subira fupi, akihudumia kaunta ya malipo.

"Nataka ile karatasi inaonyesha vile tumelipa," Mama Wamae alisema, akaweka kitambulisho juu ya kaunta. "Yote. Kuna mtu amekula pesa."

"Sawa, cucu," Lynn alisema. Hakuna aliyewahi kumwita cucu, yaani bibi mzee, mchana kweupe na akauziwa viazi tena, lakini hii ilikuwa siku ya haki, akalimeza. Karatasi ikatoka kwenye mashine, moja tu, muhuri ukagongwa, naye akaenda kukaa kwenye benchi kando ya majiko ya gesi kutafuta jina la mwizi.

Alianza na safu ya malipo. Machi, elfu nane. Aprili, elfu nane. Mei, Juni, Julai, elfu nane kila mahali. Hakuna mwezi ambao Sumayya alikuwa ametuma saba. Alipitisha kidole tena kutoka juu, polepole, kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharagwe. Malipo yalikuwa kamili. Lakini katikati yake kulikuwa na mistari mingine aliyokuwa ameiruka: Aprili tarehe tisa, faini ya kuchelewa, mia tano. Mei tarehe tisa, mia tano. Juni tarehe tisa. Julai tarehe tisa.

Alirudi kaunta.

"Hii faini ni ya nini?"

"Ya kuchelewa, cucu. Awamu ni tarehe tano. Unapewa siku tatu za msamaha. Ikifika tarehe tisa kama awamu haijalipwa yote, mashine inaweka faini."

"Na Machi? Machi tulilipa tarehe nane na hamkusema kitu."

"Tarehe nane iko ndani ya msamaha. Hizo zingine mlilipa tarehe kumi na mbili, kumi, kumi na nne..." Lynn alikuwa anasoma karatasi kichwa chini, kutoka upande wake, bila shida yoyote. "Nyinyi mnachelewanga kila mwezi."

Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa mbele ya Mama Wamae likimhusu yeye. Alitazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine kwenye foleni.

"Lakini tulilipa elfu nane kamili," alisema, sauti ikiwa imepungua kidogo.

"Ndiyo, lakini pesa ikiingia inalipa faini kwanza. Kwa hivyo Aprili, mia tano ilienda kwa faini, elfu saba na mia tano ikaenda kwa friza. Mkabaki nyuma na mia tano. Mwezi unaofuata hata mngelipa elfu nane tarehe tano yenyewe, bado ingekuwa haijatosha, na faini ingeingia tu. Mara nne, elfu mbili. Ndiyo maana iko kumi." Akageuza karatasi, akagonga kucha kwenye sehemu ya chini. "Tulituma meseji kila mwezi. Hii si nambari yako?"

Ilikuwa nambari yake.

"Sasa sikia hii, hii ndiyo ya maana," Lynn aliendelea, kwa kuwa watu wengine wakianza kufundisha hawajui kusimama. "Kipindi bila riba kinaisha tarehe tano Agosti. Hiyo haina msamaha, zile siku tatu ni za faini pekee. Kitu yoyote itabaki baada ya hiyo siku inaanza kuhesabiwa riba asilimia nne kila mwezi. Mkilipa elfu nane kama kawaida, ile elfu mbili inabaki ndani na inakula riba. Mlipe kumi yote, na mapema."

Mkutano wa Agosti ulikuwa tarehe tisa. Mama Wamae hakuhitaji kuangalia kalenda.

Alitoka nje, akasimama kando ya barabara huku boda boda zikimpigia honi za kumwita. Elfu mbili hazikuwa zimeliwa na mtu. Zilikuwa zimelipwa faini ya kuchelewa, na aliyechelewesha ni yeye, kwa sala na kwa sheria, huku mtu wa kweli akimwomba tangu Aprili amruhusu kulipa mapema. Na kama angeendelea hivyo wiki chache zaidi, angemwingiza Mama Aaliya kwenye riba aliyomwapia kwamba haipo. Aliona aibu. Si ile ya kuteleza mbele ya watu, ambayo watu hucheka ikapita. Hii ilimfanya aogope kurudi Karatina.

Mawazo mengine yalimjia, tusimfanye malaika. Karatasi ilikuwa moja. Angeweza kuipoteza. Angeweza kutoa elfu mbili zake kimyakimya, kisha Jumamosi atangaze kwamba, kwa huruma ya mwenyekiti, mweka hazina amesamehewa. Kikundi kingempigia makofi. Aliliangalia wazo hilo, akaona lilivyopendeza, na jinsi lilivyokuja upesi.

Hakuingoja Jumamosi. Alirudi kaunta, akatuma elfu kumi kutoka kwenye simu yake, elfu nane akiwa anakidai kikundi na elfu mbili akiwa hamdai mtu yeyote, bila mkutano, bila macho ya wenzake na bila sala. Lynn akamchapia stetimenti mpya: salio sifuri, riba sifuri.

Sumayya alikuwa nyumbani kwake Karatina, nyuma ya msikiti, akianika leso ambazo hazikuwa zimelowa. Mama Wamae alisimama mlangoni na karatasi zake mbili, na hotuba ambayo alikuwa ameipanga njia nzima ikamtoroka.

"Mama Aaliya, hukukula kitu," alisema. "Ni mimi. Zile tarehe. Tulikatwa faini juu ya kungoja mkutano."

"Najua sikukula," Sumayya alisema.

"Nimemaliza deni. Riba haikuingia, ona hapa, sifuri. Na ile elfu mbili nimelipa na yangu. Jumamosi nitasema mbele ya wote, na Wacera aandike."

Sumayya alichukua karatasi, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akiwa na haki ya kutoyaamini makubwa. Kisha akaikunja na kumrudishia.

"Asante kwa hiyo ya riba," alisema. "Lakini Jumamosi ni watu tisa. Wewe uliambia watu wangapi?"

Mama Wamae akafungua mdomo kusema watatu. Akakumbuka kwamba wa tatu ni Nderitu, akaufunga.

"Binti yangu ameulizwa shuleni kama mama yake ni mwizi," Sumayya alisema. Hakupaza sauti. "Uliambia soko yote bila mkutano, Mama Wamae. Hiyo haikungoja Jumamosi ya pili. Sasa urudi uambie soko yote vilevile. Meza kwa meza. Ukimaliza, uniambie, ndiyo nifungue."

Akaendelea kuanika leso zake kavu.

Mama Wamae alianza alasiri hiyohiyo. Wacera alisema "Ala!" akaomba aione karatasi, akaitazama kwa muda mrefu bila kuisoma. Murugi wa nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, kuhusu tarehe tano na siku za msamaha na faini inayolipwa kwanza, huku akipanga nyanya zake, kisha akasema tu kwamba yeye alikuwa anafikiri wanaochelewa huongezewa hamsini wakitoa sababu. Hakuwa akitania.

Nderitu alikuwa kwenye lango la soko, katikati ya wachukuzi wenzake, mkokoteni ukiwa tupu. Hapo ndipo penyewe. Watu hao kumi na zaidi ndio wanaopita kila meza, kila lori, kila hoteli. Wakiambiwa neno asubuhi, mji wa Kiganjo hulipata mchana.

"Nderitu, ile kitu nilikuambia juu ya Mama Aaliya," alianza, kwa sauti ya kusikika na wote, "si kweli. Hakuna pesa alikula. Alilipa yote, kila mwezi. Shida ni kwamba awamu ni tarehe tano, na ukipita siku tatu za msamaha..."

Aliona nyuso zao zikianza kumwacha. Mmoja aliangalia lori lililokuwa linaingia. Mwingine alipiga mwayo. Habari ya mwizi walikuwa wameibeba bila mtu kuwasukuma. Hii ya msamaha na salio na asilimia nne ilikuwa gunia lisilo na pa kushika.

Nderitu alikuna kichwa, akijitahidi kumsaidia.

"Ngoja, Mama Wamae, nielewe. Pesa ya kikundi ilipotea ama haikupotea?"

"Ilipotea. Elfu mbili."

"Na si Mama Aaliya."

"Si yeye."

"Sasa ni nani alipoteza?"

Alikuwa na karatasi mkononi, yenye muhuri, yenye kila tarehe. Angeweza kuwasomea mstari kwa mstari mpaka jua litue, na kesho yake soko zima lingesema kwamba Mama Wamae anamficha mwenzake. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Ni mimi," alisema.

 Kisha yule aliyekuwa anatazama lori akageuka, na wote wakamwangalia vizuri, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kwa hamu mpya. Nderitu alikuwa wa kwanza kushika mkokoteni wake, akausukuma kuelekea ndani ya soko, na hakuwa akitembea polepole.